Urari umekubali lakini vitabu vina makosa: utayapataje?

"Wakuu, nimefunga mwezi na urari wangu umekubali kabisa, debiti na krediti sawasawa. Sasa mteja mmoja analalamika anadaiwa hela aliyokwisha lipa, na bosi anasema faida imekuwa kubwa kuliko alivyotarajia. Inawezekanaje, na nasahihishaje bila kuvuruga urari?"

Mkuu, inawezekana na hutokea sana. Urari unajibu swali moja tu: je, jumla ya debiti ni sawa na jumla ya krediti? Hauulizi kama kila muamala umeingia, wala kama umeingia kwa mtu anayehusika. Nashika vitabu vya maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, na nitakueleza kwa kesi ya duka moja lililoniletea leja zake mwisho wa mwezi. Urari wao ulikuwa 38,460,000 kila upande, na faida ilisomeka 4,300,000. Ndani yake mlikuwa na makosa matatu.

La kwanza ni kosa la kuacha. Mifuko 100 ya saruji ilishushwa dukani kwa mkopo, kila mmoja 16,500, jumla 1,650,000. Mzigo ulipokelewa, hati ya kupokelea mzigo ikasainiwa, lakini ankara ya msambazaji ilibaki kwenye gari la dereva na haikufika mezani kwa karani. Kwa hiyo hakuna kilichoandikwa, si debiti wala krediti, na urari hauna namna ya kuona kitu ambacho hakipo pande zote mbili.

Hili ndilo lililopandisha faida, na inafaa ujue kwa nini. Sehemu ya saruji ile iliuzwa na mauzo yakaandikwa. Iliyobaki ilihesabiwa kwenye stoku ya mwisho wa mwezi, kwa sababu mwenye kuhesabu alihesabu alichokiona. Mauzo yapo, stoku ipo, ila gharama ya kuinunua haipo, hivyo faida ilizidi kwa 1,650,000 nzima. Kama mifuko yote ingekuwa bado stoo na ikasahaulika pia kwenye hesabu ya stoku, faida isingeguswa, bali mali na madeni vyote viwili vingepungua.

Kosa la aina hii hulipati ndani ya leja hata ukae nayo usiku kucha. Unalipata kwa karatasi za nje. Omba taarifa ya akaunti kutoka kwa kila msambazaji uilinganishe na salio lako, kisha chukua hati zote za kupokelea mzigo uone ipi haina ankara yake. Upande wa mauzo, jumlisha ripoti za Z za mashine ya EFD za mwezi mzima, toa VAT kama mmesajiliwa, ulinganishe na akaunti ya Mauzo. Marekebisho yenyewe ni mepesi, ni kuandika kile ambacho kilipaswa kuandikwa tangu mwanzo: debiti Manunuzi 1,650,000, krediti msambazaji 1,650,000.

La pili ndilo linalomliza mteja wako. Duka lilikuwa na wadaiwa wawili wa jina moja, fundi Hamisi wa Kihonda na fundi Hamisi wa Msamvu. Wa Kihonda alilipa benki deni lake lote la 480,000. Karani akadebiti Benki sawasawa, ila akakrediti Hamisi wa Msamvu. Aina ya akaunti ni ileile, mdaiwa kwa mdaiwa, mtu ndiye siye. Hilo ndilo kosa la utendaji. Lingeangukia akaunti ya aina nyingine kabisa, kwa mfano matengenezo ya gari kuandikwa kama ununuzi wa gari, lingekuwa kosa la kanuni, na hapo faida ingeguswa. Hili haligusi faida.

Dalili yake ilikuwa wazi kwenye orodha ya wadaiwa. Hamisi wa Msamvu alikuwa anadaiwa 300,000, na baada ya kupewa malipo ya mwenzake akaunti yake ikageuka kuwa na salio la krediti 180,000. Mdaiwa mwenye salio la krediti ni wa kumchunguza mara moja: ama amelipa kupita kiasi, ama ametanguliza malipo, ama amepewa hela ya mtu. Sahihisha hivi: debiti Hamisi wa Msamvu 480,000, krediti Hamisi wa Kihonda 480,000. Benki usiiguse, maana haikukosewa. Na kabla ya kumwandikia mtu barua ya kumdai, tazama kwanza orodha hiyo.

La tatu ndilo gumu kuliko yote, makosa yanayofidiana. Duka hili lilijumlisha daftari la mauzo kwa mkono. Kila mteja aliandikwa kwenye akaunti yake moja kwa moja, na jumla ya daftari ndiyo ilikwenda kwenye akaunti ya Mauzo. Jumla hiyo ilizidishwa 200,000, yaani krediti imezidi. Mwezi uleule akaunti ya Usafirishaji nayo ilijumlishwa vibaya ikazidi 200,000 upande wa debiti. Makosa mawili yasiyojuana yakafunikana. Faida halisi haikubadilika, lakini mauzo yalionekana makubwa kuliko yalivyo, na faida ghafi pia, kwa kuwa usafirishaji ule ulikuwa wa kupeleka mizigo kwa wateja. Ripoti za Z ndizo zilizofichua upande wa mauzo.

Hapa ndipo wengi wanakwama. Ukigundua kosa moja na kulisahihisha peke yake, urari unaacha kukubali, nawe unadhani umeharibu ukarudisha kama ilivyokuwa. Usirudishe. Fungua akaunti ya muda. Debiti Mauzo 200,000, krediti akaunti ya muda 200,000. Sasa una salio la krediti linalokuambia kwamba mahali fulani kuna debiti iliyozidi au krediti iliyopungua kwa kiasi hicho hicho. Jumlisha upya akaunti za matumizi moja baada ya nyingine. Ukifika Usafirishaji, andika debiti akaunti ya muda 200,000, krediti Usafirishaji 200,000, na akaunti ya muda inakwisha. Wanaotumia programu ya kompyuta hukutana na hili kwa nadra, kwa kuwa programu hujumlisha yenyewe na haipokei upande mmoja bila mwingine. Makosa mawili ya kwanza, hata hivyo, programu inayapokea bila kusita.

Kila marekebisho yaandike kwenye jarida la jumla yakiwa na tarehe, namba ya hati na mstari wa maelezo. Usifute wala kupaka rangi nyeupe. Kama kosa la kuacha ni la mwaka ambao vitabu vyake vimeshafungwa, usilibebeshe Manunuzi ya mwaka huu. Kwa duka la mtu mmoja debiti Mtaji, kwa kampuni debiti faida limbikizi, na umwone mshauri wa kodi kuhusu ritani iliyokwisha pelekwa.

Baada ya yote, urari wa duka lile ulikubali tena, ila kwa jumla nyingine. Saruji iliongeza 1,650,000 kila upande. Mauzo na Usafirishaji vikapunguza 200,000 kila upande. Salio la krediti la Hamisi wa Msamvu likaondoka, 180,000, na upande wa debiti ukapungua vivyo hivyo, kwa kuwa zile 480,000 za Kihonda zilitoka na 300,000 za Msamvu zikarudi. Jumla mpya ni 39,730,000 kwa 39,730,000, na faida ni 2,650,000.