Kabla hujaandika barua ya likizo fungua kwanza kadi yako ya likizo

Wadogo zangu mnaoanza kazi, hasa nyie mlioajiriwa huku Kigoma kwenye makampuni binafsi ya mizigo, maduka makubwa, mahoteli na mengineyo, naomba niongee kitu kimoja tu leo maana nimekaa utumishi miaka kadhaa na barua zinazorudi mezani kwangu kwa sababu hii ni nyingi mno. Mtu anaandika siku anazozitaka, hajui siku alizonazo. Na ukimrudishia barua anaona umemnyima likizo, wakati hesabu ndo imemkatalia.

Nitawapa kesi moja niliyoishika mwenyewe. Kuna binti alianza kazi tarehe 15 Aprili 2024. Desemba akaleta barua, anaomba siku 15 kuanzia tarehe 16 Desemba, atarudi kazini 9 Januari, kwao ni Tabora na kaka yake alikuwa anaoa Jumamosi ya tarehe 4 Januari. Barua nzuri kabisa, imeandikwa kwa adabu. Ila nikaweka kidole kwenye kalenda ya ukutani nikahesabu, 16 Desemba mpaka 8 Januari ni siku 24, sio 15. Nikamwita, nikamuuliza mdogo wangu hizi umezihesabuje, akaniambia dada mi nimetoa Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Hapo ndo wengi mnakwama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku zisizopungua 28 kwa kila mzunguko wa likizo wa miezi 12, lakini siku hizo zinakwenda mfululizo, na ndani yake zimo siku za mapumziko na sikukuu. Jumapili inahesabiwa. Krismasi inahesabiwa, na tarehe 26 nayo inahesabiwa. Kwahiyo siku 28 ni wiki 4 kamili, basi. Kama mkataba wako umeandika siku za kazi hiyo ni neema ya mwajiri wako na hesabu inabadilika, ila lazima uione imeandikwa, usibebe maneno ya wenzio wa kantini, na hapohapo uliza Jumamosi kwenu ni siku ya kazi au sio.

Sasa tukaja kwenye salio lenyewe la siku zake. Mzunguko hauanzi Januari kama wengi mnavyodhani, kisheria unaanza siku uliyoajiriwa, kwahiyo wa kwake ni 15 Aprili 2024 mpaka 14 Aprili 2025. Ofisi yetu kama zilivyo nyingi inakusanya mwezi kwa mwezi, 28 gawanya kwa 12, unapata 2.33 kwa mwezi uliokamilika. Mpaka 14 Desemba alikuwa na miezi 8, maana yake siku 18.67. Na alikuwa ameshavuka miezi 6, hilo nalo liangalieni, chini ya miezi 6 sheria haikupi likizo yenye malipo, ukipewa siku mbili tatu hapo ni bosi kakubali tu.

Nikafungua kadi yake ya likizo. Imeandikwa salio 11.67. Yaani hata hizo 15 alizoziomba hazipo. Akanyong'onyea kabisa, na tiketi ya treni alikuwa ameshakata. Nikamwambia tulia, tusome kadi mstari kwa mstari, na nyie nawaomba mfanye hivohivo, msiishie kwenye namba ya chini.

Kulikuwa na makato mawili. La kwanza siku 3 za Agosti, aliomba ruhusa kumpeleka mama yake hospitali, akapewa na akalipwa. Hilo ni halali, kwa sababu ruhusa uliyoiomba mwenyewe ukapewa kwa malipo mwajiri anaruhusiwa kuipunguza kwenye likizo yako ya mwaka, na kuuguliwa na mzazi hakumo kwenye zile sababu zenye siku zake maalumu (najua inauma, ila ndivyo ilivyo, kwa upande wa kuuguliwa sheria imetaja mtoto wa mfanyakazi). La pili siku 4 za Novemba, alifiwa na bibi yake. Hili sio halali hata kidogo! Kufiwa na mwenza, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada kuna siku 4 zake za malipo, hizo haziingii kwenye 28. Aliyejaza kadi aliona neno ruhusa akakata tu. Nikazirudisha, nikasaini pembeni na tarehe. Salio likawa 15.67.

Angalieni hapo, asingefungua kadi angekosea pande mbili, angedai siku 9 ambazo hana na wakati huohuo angepoteza 4 ambazo ni zake.

Kama unatumia Excel hesabu yote ni mstari mmoja, A2 weka tarehe ya kuajiriwa, B2 tarehe ya kuanza likizo, C2 siku zilizokwisha katwa kihalali:

```
=28/12*DATEDIF(A2,B2,"m")-C2
```

Kwake inatoa 15.67, na kwetu vipande haviombwi, kwahiyo 15. Mimi ningependa kila mtu awe nayo hii kwenye simu yake, maana kadi ikipishana na hesabu yako una cha kuuliza, na unauliza kwa tarehe sio kwa hisia.

Ikabaki harusi. Siku 15 kuanzia 16 Desemba zinaishia 30 Desemba, na hapa pia kuna mtego, watu wanajumlisha 16 na 15 wanaandika mwisho ni 31, hapana, siku ya kwanza nayo ni siku, 31 ndo unatakiwa uwe kazini. Harusi iko tarehe 4, kwahiyo kwa tarehe hizo angeikosa au angeongeza siku 9 bila mshahara. Nikamuuliza kuna kitu gani Tabora kabla ya Krismasi, akasema hakuna, alitaka tu kuwahi. Basi tukasogeza mwanzo uwe Jumatatu 23 Desemba, siku 15 zinaisha 6 Januari. Krismasi yumo, mwaka mpya yumo, harusi yumo na mshahara haujaguswa. Tiketi akaenda stesheni kubadilisha.

Barua ya pili aliiandika hivi, nimeipenda na huwa naitoa kama mfano: "Naomba likizo ya mwaka ya siku 15, kuanzia tarehe 23 Desemba 2024 hadi tarehe 6 Januari 2025, nitaripoti kazini tarehe 7 Januari 2025. Salio langu kwa mujibu wa kadi ni siku 15.67." Mwanzo, mwisho, siku ya kuripoti na salio, vyote vipo. Bosi hakuuliza swali hata moja, alisaini palepale.

Na ile 0.67 haikupotea. Nilimwambia tarehe 15 Januari aje aangalie kadi tena, atakuwa amekamilisha miezi 9, yaani siku 21, toa 3 za Agosti, toa 15 za likizo, kadi isome 3. Alikuja, ikasoma 3.