Maua makavu kwenye mshumaa: soma hapa kabla hujabandika

Juzi nimeletewa meseji na dada mmoja wa Wete, ndo kwanza anaanza biashara ya kupamba mishumaa ya harusi, kanitumia na video. Mshumaa mnene mweupe, kauzungushia mawaridi makavu toka chini mpaka mdomoni, katikati kaufunga kamba ya katani. Mzuri, sikatai. Lakini kwenye video mshumaa una ndimi tatu za moto badala ya moja na moshi mweusi unapanda, na yeye ananiuliza, "Dada, utambi wangu mbovu au nta ndo feki?"

Mwaya utambi wako mzima na nta yako nzima. Ni hayo maua. Nimeshamjibu inbox lakini naandika na hapa kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnataka kuuza kwenye mahoteli na kwenye maharusi kama mimi, na picha mnazoziona mtandaoni hazikwambiini kitu.

Skizeni jinsi mshumaa unavyofanya kazi. Nta baridi ukiisogezea kiberiti inayeyuka tu, haishiki moto. Kinachowaka ni mvuke. Utambi unanyonya nta iliyoyeyuka, inapanda juu, inapata joto mpaka inageuka mvuke, na mvuke huo ndo unaotoa ule mwanga. Sasa petali kavu nayo inanyonya nta. Katani inanyonya. Karatasi inanyonya. Kwa hiyo kitu chochote cha mmea kikigusana na ile nta ya maji juu ya mshumaa na moto ukakifikia, tayari ushaongeza utambi wa pili, na huu hauna kipimo. Utambi wa kiwandani umepimwa unene ulingane na mshumaa, waridi lako hakuna aliyelipima. Moto wa pili unayeyusha nta zaidi, nta ikizidi maua mengine yanalowa, na ukingo wa mshumaa unabomoka nta ikamwagika ubavuni kwenye kamba. Ndo ile video ya dada yetu.

Na upepo wetu huu msiusahau. Hoteli nyingi za ufukweni watu wanakula nje, kaskazi ikivuma au kusi ikivuma ulimi wa moto unalala upande mmoja, basi upande huo unayeyuka haraka kuliko mwengine na ukingo unakatika. Hata pangaboi la ukumbini linafanya vivyo hivyo. Halafu juu ya kichwa cha mgeni kuna nini? Makuti.

Hapa niseme kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Kuna hoteli moja ya pwani, siitaji, walinipa kazi ya mishumaa ya meza kwa ajili ya harusi ya wageni. Nikapeleka sampuli, mapambo yangu yako chini na yanavulika. Yule aliyekuwa anasimamia mapambo akaigeuza geuza mkononi, akasema mikavu, haina mvuto, yeye anataka maua mpaka juu kama alivyoona kwenye simu. Nikamwambia sifanyi, meza zenu ziko chini ya makuti na upepo unapita hapa usiku kucha. Akacheka. Kazi kapewa mtu mwengine. Nilikuwa nishanunua mishumaa yote mjini Darajani kwa pesa yangu, hakuna aliyenifidia hata senti.

Usiku wa harusi mshumaa mmoja ukawaka nta nzima ya juu, na kijana wa kuhudumia kwa khofu akamwagia maji. Maji juu ya nta inayowaka yanazama chini, yanachemka ghafla, yanarusha ile nta ya moto kila upande. Kitambaa cha meza kiliungua na yule kijana akaungua mkono. Alhamdulillah moto haukupanda juu. Wiki zilizofuata walinipigia simu wenyewe, sasa hivi nawapelekea mimi kila mwezi, lakini lile neno "mikavu" silisahau.

Haya, sasa ninavyofanya mimi. Maua sibandiki kwenye mshumaa, nabandika kwenye koti la karatasi, mkanda mpana unaovikwa mshumaa na kuvuliwa kabla ya kuwasha. Chukua mshumaa ninaoutumia sana, kipenyo sentimita 7, urefu sentimita 15. Mzunguko wake ni kama sentimita 22. Nakata karatasi nene, ile ya kadi au ya mfuko wa kaki, urefu sentimita 24 na upana sentimita 5. Nauzungushia mshumaa, nausogeza nje kidogo usibane, mwisho mmoja unalalia juu ya mwengine kama sentimita moja na nusu na gundi inaingia hapo tu, karatasi kwa karatasi, isiguse nta. Ukimaliza uinue mshumaa, koti liteleze lenyewe mpaka chini. Lisipoteleza limebana, fumua ufanye jengine, kwa sababu kwenye joto letu nta inalainika na koti lililobana linagandana na mshumaa, ukilivua linatoka na vipande.

Kamba ya katani nayo naizungusha juu ya koti, mizunguko miwili mitatu, fundo dogo, na ncha nazikata fupi zisivuke ukingo wa juu wa karatasi. Hizi ncha ndo watu wanazipuuza. Katani inatoa nyuzi nyuzi nyembamba kama nywele na nyuzi hizo zinashika moto haraka kuliko kamba yenyewe, kwa hiyo zikate zote kwa mkasi, pitisha kidole uhakikishe. Kamba ya usumba nimeiacha kabisa, ina nyuzi nyingi mno.

Maua yawe bapa. Waridi zima kavu linatokeza nje na petali zinadondoka, ikidondoka juu kwenye nta imekwisha habari. Mimi natenganisha petali, naziweka baina ya karatasi ndani ya kitabu kizito, nakiacha wiki mbili mpaka tatu. Nafanya zaidi miezi ya kaskazi kwenye Januari na Februari hewa ikiwa kavu, masika unyevu mwingi yanaota ukungu na rangi inakuwa kahawia. Asumini ikikauka inageuka rangi ya chai, wateja wengine hawaipendi, lakini mrihani unabaki vizuri na petali za waridi jekundu zinaiva rangi kama zambarau. Karafuu pia nashona kwenye koti kwa uzi, zinanukia bila kuungua. Ila kuchomeka karafuu ndani ya mshumaa kama nilivyoona watu wanafanya, hapana jamani, ile ni mmea kavu unaupeleka mwenyewe kwenye moto.

Sasa mtu atasema mteja wangu anataka maua kwenye nta yenyewe, koti hataki. Sawa, inawezekana, lakini kwa mpaka. Nageuza mgongo wa kijiko nilichokitia kwenye maji ya moto na kukifuta, nabonyeza petali iliyo bapa kwenye ubavu wa mshumaa mpaka nta ya chini yake ilainike iishike, halafu napaka nta nyembamba juu kwa brashi ili isitokeze hata ncha. Na hiyo ni theluthi ya chini tu, yaani kwenye mshumaa wa sentimita 15 maua yanaishia sentimita 5 kutoka chini. Nta ya juu haiyafanyi kuwa salama, inayashikilia tu. Moto ukishuka mpaka pale yatawaka kama ya dada yetu. Kwa hiyo nta ya maji ikibaki vidole viwili juu ya ua la juu kabisa, mshumaa unazimwa, khalas, hauwashwi tena. Lile linalobaki ni pambo. Vanishi na zile gundi za kung'arisha usipake kwenye mshumaa wa kuwashwa, zinaungua na kutoa moshi.

Na msinunue mishumaa mkaiuza bila kuijaribu. Ile ya bei rahisi haiwaki sawa na ile mizuri. Chukua mmoja mtupu kwenye boksi, chora mstari ubavuni kila sentimita moja kwa kalamu, uwashe pahala hapana upepo, utambi uwe umekatwa ubaki milimita 6 hivi. Angalia kila saa. Mshumaa wa sentimita 7 unahitaji kama masaa matatu nta ya maji ifike karibu na ukingo, ukiuzima mapema mno unachimba shimo katikati, ukiupitisha masaa manne ukingo unalainika na kuinama. Huo ndo muda unaomwambia mteja. Ulimi wa moto ukirefuka zaidi ya sentimita mbili na nusu au ukaanza kutoa moshi, zima, acha upoe, kata utambi, washa tena. Ukiona ukingo upande mmoja umekonda mpaka mwanga unapenya, mshumaa huo uko kwenye upepo, uhamishe.

Mezani uwe kwenye sahani pana kuliko wenyewe yenye mchanga kidogo, au ndani ya gilasi ndefu inayopita ulimi wa moto, na gilasi isigusane na mshumaa. Ukizidiwa usimwage maji, funika kwa mfuniko wa sufuria. Wahudumu waambieni hili kabla ya shughuli, mtu hawezi kulijua wakati moto ushapanda. Sisi Unguja tulikaa bila umeme toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kila nyumba mishumaa, na iliyokuwa inawashwa ilikuwa mitupu. Haya mapambo ndo mapya, kwa hiyo hata watu wazima wetu hawajui kuyaogopa, sisi tunaouza ndo tunaotakiwa kusema.

Dada wa Wete, ile mishumaa uliyokwisha kupamba usiitupe. Ing'oe maua kwa kisu cha siagi kilichopashwa moto, toa kila petali mpaka nta iwe safi, kisha ivishe koti. Na chini ya kila mshumaa unaouza bandika karatasi ndogo uandike kwa mkono: "Vua koti kabla ya kuwasha. Usizidishe masaa manne. Usiweke penye upepo." Mteja akikwambia inaharibu muonekano, mwambie iko chini, haionekani, na usimuuzie bila hiyo.