Kiwanja chenye pembe nne zisizolingana: pima mishazari, si pande

Msomaji ameniuliza: kiwanja chake kina pande za mita 17.29, 31.65, 26.43 na 31.32, na dalali amempigia hesabu ya mita za mraba 688. Je, ni sahihi? Jibu ni hapana, na hata mimi siwezi kumpa jibu sahihi kwa pande hizo peke yake. Chukua vijiti vinne vyenye urefu huo, vifunge kwenye ncha, kisha usukume kona moja. Umbo linalala na eneo linabadilika, wakati pande ni zilezile.

Dalali alichofanya ni kutafuta wastani wa pande zinazotazamana, kisha akazidisha: 21.86 kwa 31.485. Ni njia kongwe kweli. Imeandikwa hata kwenye kuta za hekalu la Horus kule Edfu, Misri, kwa ajili ya mashamba. Ubaya wake ni kwamba haikosei kwa kubahatisha. Kama kiwanja si mstatili kamili, siku zote inatoa eneo kubwa kuliko lililopo, na anayelipia ziada hiyo ni mnunuzi.

Dawa yake ni mishazari, yaani mistari miwili inayotoka kona hadi kona ya mkabala. Funga uzi kutoka kigingi A hadi C, na mwingine kutoka B hadi D. Hapo zinapokatana pachomeke kijiti, tupaite O. Tuseme AC ni mita 40 na BD ni mita 36. Kinachobaki ni pembe iliyopo kati ya nyuzi hizo mbili, na huhitaji chombo cha mpimaji kuipata. Kutoka O pima mita 5 juu ya uzi mmoja, weka alama. Pima mita 5 juu ya uzi wa pili, weka alama. Sasa pima umbali kati ya alama hizo. Tuseme ni mita 5.74. Nusu yake ni 2.87, gawa kwa 5 upate 0.574. Kwenye kikokotoo bonyeza SHIFT, sin, 0.574, utaona digrii 35.03. Zidisha kwa 2: pembe ni digrii 70.

```
Eneo = ½ × 40 × 36 × sin 70 = 676.6
```

Kwa hiyo dalali ameongeza karibu mita za mraba 12.

Kwa nini inafanya kazi? Mishazari imekigawa kiwanja kuwa pembetatu nne zinazokutana O. Tuseme AO ni 16, OC 24, BO 14 na OD 22. Eneo la kila pembetatu ni nusu ya zao la pande zake mbili zinazotoka O, mara sin ya pembe iliyopo O. Pembe hizo ni 70 au 110, na sin zake zinalingana, ndiyo maana haijalishi umepima pembe nyembamba au pana. Jumlisha 16×14, 14×24, 24×22 na 22×16: unapata 1440, yaani 40×36. Mahali O ilipoangukia hapana athari yoyote.

Pembe ndiyo inayosumbua, lakini si kila mara. Mishazari ikikatana karibu na digrii 90, ukikosea digrii 2 hutaharibu kitu. Kwenye 70, kosa hilohilo linakugharimu zaidi ya asilimia 1. Kwenye 30 linafika asilimia 6, na hapo usiridhike na kipimo kimoja. Pima mita 10 kutoka O badala ya 5, kisha ihakiki pembe kwa pande zenyewe: zidisha kila upande kwa wenyewe, jumlisha jozi moja ya pande zinazotazamana, toa jumla ya jozi nyingine, gawa kwa mara mbili ya zao la mishazari. Kwa kiwanja chetu ni 985 kwa 2880, yaani 0.342, ambayo ndiyo cos 70. Majibu yakipishana, kuna urefu uliousoma vibaya, rudi shambani.

Kabla ya yote jaribu sin 30. Isipotoa 0.5, kikokotoo hakiko kwenye digrii. Ukiandika sin 70 kikiwa kwenye RAD, kiwanja hiki kitakuwa mita za mraba 557, namba inayoonekana ya kawaida kabisa na hivyo kukupita bila kuistukia.

Kwenye mteremko, tepu ishikwe mlalo sawa na maji yaliyotulia, kwa vipande vifupi. Ukiilaza juu ya ardhi yenye mwinamo wa digrii 10, utasoma mita 40 mahali penye mita 39.4 tu.

Na kama kona moja imeingia ndani ya kiwanja, mshazari mmoja utapita nje ya mpaka. Kanuni bado ni ileile. Refusha uzi wa ndani mpaka ukutane na ule wa nje, upime pembe hapo, ila kwenye hesabu tumia urefu wa kona hadi kona tu, bila kile kipande ulichorefusha.