Kagua kabla ya hina: ninavyojikagua ngozi kila mwezi

Mjomba wangu alikaa na kidonda cha unyayo karibu miaka miwili. Mwenyewe alishikilia kuwa ni mwiba wa shambani uliobaki ndani, na kila aliyekitazama alikubaliana naye, wakiwemo wa zahanati. Walikisafisha, wakakifunga, akarudi nyumbani. Kilipokuja kukatwa kipande na kupimwa maabara, kumbe ni melanoma, saratani inayoanzia kwenye seli zinazoipa ngozi rangi. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi ni nadra, lakini ikija hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley ilimwanzia chini ya ukucha wa mguuni. Iligunduliwa mwaka 1977, naye akafariki 1981.

Tangu hapo najikagua kila mwezi, siku ninapofumua misuko, maana ndiyo siku utosi wangu unaonekana. Naoga, nasugua visigino, najikausha, na mafuta sipaki kwanza. Wenzangu wa pwani, hina na piko zingoje kukaguliwa, na rangi ya kucha ifutwe. Nyayo zilizopakwa hina hazikuambii kitu.

Nakaa karibu na dirisha mchana, nikiwa na kioo kikubwa, kioo cha mkononi, tochi ya simu, rula na daftari. Naanzia kichwani, natenganisha nywele mstari kwa mstari, kisha nyuma ya masikio, midomo kwa ndani, shingo, kwapa, chini ya matiti, kitovu. Mgongo na matako naviona kwa kukipa mgongo kioo kikubwa na kushika kile kidogo mbele ya uso. Sehemu za siri, nyuma ya magoti, halafu nakaa chini kwa ajili ya miguu. Yote huchukua kama dakika 15, na miguu pekee hula nusu yake.

Kwenye daftari nina ramani ya mwili: mtu mmoja kwa mbele, mmoja kwa nyuma. Wangu anafanana na chupa yenye mikono, lakini anatosha. Kila doa lina namba, upana kwa milimita, rangi na tarehe. Nyayo nilizichora kwa kukanyaga karatasi na kupitisha kalamu pembeni, na hapo ndipo nilipojitia hofu ya bure. Mchoro wa hivyo ni mguu unaoonekana kwa juu. Ukiugeuza unyayo uutazame, pande zinabadilishana. Mwezi wa pili nikadhani nimeota doa jipya, kumbe ni lile lile. Sasa naandika kwa maneno: "unyayo wa kulia, upande wa kidole gumba".

Kinachotafutwa ni kile madaktari wanachokiita bata mbaya, kama yule kinda wa hadithini asiyefanana na wenzake. Walioipendekeza alama hii ni madaktari wa Ufaransa, mwaka 1998. Madoa ya mtu mmoja kwa kawaida hufanana kama ndugu, kwa hiyo unamtafuta mgeni kati yao. Mimi nina mistari myembamba ya kahawia kwenye kucha sita, jambo la kawaida kwa watu weusi. Ungekuwa mmoja tu uliokolea, unaopanuka, au unaomwaga weusi kwenye ngozi ya shina la ukucha, ningeenda kwa daktari wa ngozi wiki hiyo hiyo.

Mwaka jana niliona doa la zambarau chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, wala sikukumbuka kujikwaa. Nikapima kutoka shina la ukucha hadi ukingo wa doa: milimita 3. Mwezi uliofuata 4 na nusu, wa tatu 6, na nyuma yake ukucha ulikuwa safi. Ilikuwa damu, ukucha unaisukuma nje unapokua. Doa lisilosogea, au linalorudi pale pale, linahitaji daktari.

Bata mbaya ana upungufu wake: doa likiwa pekee unyayoni halina ndugu wa kulilinganisha nalo. Hapo nategemea vipimo vya mwezi uliopita. Pia melanoma nyingine hazina weusi kabisa, ni kinundu chekundu au kidonda, kwa hiyo kidonda kisichofunga kwa mwezi mzima nakihesabu pia. Na mwenye ualbino asitegemee madoa meusi. Yeye atafute mabaka yanayokwaruza na vidonda usoni, masikioni, shingoni na midomoni, na kliniki ya ngozi aende hata asipoona kitu.

Mjomba alikatwa sehemu ya kisigino, anatembelea fimbo. Siku hizi mkaza mjomba ndiye anayemkagua, na daftari lao lina mchoro mzuri kuliko wangu.