Kesho tuoke mikate mingapi? Namna ya kuipata idadi kabla ya kupima unga

Mwokaji mdogo huamua idadi ya mikate ya kesho jioni ya leo, na mara nyingi huiamua kwa kutazama kilichobaki rafuni. Kikibaki kingi anapunguza, kikiisha mapema anaongeza. Njia hiyo humyumbisha kila wiki, kwa sababu mauzo ya Jumanne hayasemi lolote kuhusu Jumamosi. Linganisha Jumamosi na Jumamosi zilizopita, na Jumanne na Jumanne zake. Wiki nane za nyuma zinatosha kuanzia. Ukirudi nyuma zaidi utaanza kuchanganya misimu.

Daftari linalohitajika ni dogo: siku, oda zilizochukuliwa, mikate iliyookwa, iliyouzwa kaunta, iliyobaki, na saa ambayo mkate wa mwisho uliuzwa. Wengi huiacha safu hiyo ya mwisho, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Siku ambayo mikate imekwisha saa saba mchana na duka linafungwa saa kumi, daftari linaonyesha ulichokuwa nacho. Halionyeshi watu walitaka mingapi. Ulioka 40, ukauza 40. Wiki inayofuata unatazama daftari, unaona 40, unaoka 40, inakwisha tena. Hapo mwokaji anaamini kuwa soko lake ni mikate 40, kumbe ni yeye aliyeliwekea mpaka. Mbaya zaidi, siku moja ya mvua ikileta 36, wastani unashuka, anapunguza, na idadi inazidi kuteremka bila mteja yeyote kupungua.

Dawa yake ni kujua mauzo yanavyotembea kutwa. Katika siku ambazo mikate haikuisha, hesabu mingapi ilikuwa imeshauzwa kufikia saa nne, na kufikia saa saba. Tuchukue duka ambalo kwa kawaida nusu ya mauzo ya siku huwa imepita kufikia saa nne asubuhi, na asilimia 80 kufikia saa saba mchana. Jumamosi iliyokwisha mikate 40 saa saba, gawanya 40 kwa 0.8: wateja walitaka takriban 50. Andika 50 kwa kalamu ya rangi nyingine, na hiyo ndiyo utakayoitumia kwenye hesabu.

Sasa tuipange Jumamosi ijayo ya duka hilo. Mauzo ya kaunta kwa Jumamosi nane yalikuwa 41, 38, 46, 40, 52, 44, 40 na 43, na ile 40 ya pili ndiyo iliyokwisha saa saba. Baada ya kuirekebisha, zipange kutoka ndogo kwenda kubwa: 38, 40, 41, 43, 44, 46, 50, 52. Oda hazimo humu. Oda zinahesabiwa peke yake, kwa sababu hizo hazikisiwi.

Uchague ipi kati ya hizi nane? Wastani ni 44, na watu wengi hukimbilia hapo. Lakini wastani unachukulia kwamba kukosa mkate mmoja na kubakiza mkate mmoja ni hasara sawa, jambo ambalo ni nadra kuwa kweli. Igawe bei ya mkate katika sehemu 10. Tuseme unga, sukari, mafuta, hamira, mfuko na nishati ya kuokea vinakula sehemu 3. Mkate uliobaki na kutupwa umekupotezea 3. Mkate uliokosekana mteja akiwa mlangoni umekupotezea 7. Kodi ya chumba na mshahara usiviingize, maana vinalipwa uoke usioke.

Chukua hasara ya kukosa, igawe kwa jumla ya hasara zote mbili: 7 kwa 10, yaani 0.7. Maana yake idadi yako inafaa itosheleze siku 7 katika kila 10. Kwenye orodha ya Jumamosi nane, 0.7 mara 8 ni 5.6, hivyo panda hadi namba ya sita: 46. Kwa bidhaa ambayo malighafi inakula sehemu 7 na faida ni 3, kama keki ya krimu isiyolala, orodha ileile ingekupeleka namba ya tatu: 41. Kwa hiyo usitumie kanuni moja ya “ongeza kidogo” kwa kila kitu unachotengeneza. Bidhaa yenye malighafi ghali iache iishe mapema, na ile ya malighafi rahisi iache ibaki kidogo. Kama mabaki yako yanauzwa kwa bei ya chini siku ya pili, au yanasagwa kuwa chenga za mkate, toa thamani hiyo kwenye hasara ya kubakiza kabla ya kugawanya.

Oda za Jumamosi hiyo ni 32. Jumla 32 na 46 ni 78. Hapo ndipo oveni inapoingia. Inachukua tini 20 kwa mkupuo, kwa hiyo 78 inakuwa 80, mikupuo minne. Mikate miwili ya ziada ni nafuu kuliko nafasi mbili tupu ndani ya oveni yenye moto. Lakini hesabu ikitoa 83, shuka hadi 80. Mkupuo mzima kwa ajili ya mikate mitatu hauna faida, labda nafasi 17 zilizobaki uzijaze bidhaa nyingine inayookwa kwa joto lilelile.

Baada ya namba hii kukubaliwa, mtu asiongeze tena. Mabaki mengi ya viwanda vidogo hutoka hapa: anayepokea oda anaongeza mitano ya tahadhari, anayepima unga anaongeza mitano, anayekata madonge anaongeza miwili, na hakuna anayejua mwenzake ameongeza. Tahadhari yote imeshaingia kwenye ile 46. Andika 80 kwenye karatasi, ibandike juu ya mizani.

Kutoka mikate kwenda unga. Mkate wa gramu 400 uliookwa unahitaji donge la gramu 450 hivi, kwa sababu maji hupotea ovenini. Mikate 80 mara 450 ni kilo 36. Ongeza asilimia 2 kwa ajili ya donge linaloganda kwenye mashine na mezani: kilo 36.7. Kipimo chetu ni unga 100, maji 60, sukari 4, mafuta 4, chumvi 2, hamira kavu ya papo hapo 1. Jumla ni sehemu 171, yaani kila kilo ya unga hutoa donge la kilo 1.71. Gawanya 36.7 kwa 1.71, unapata unga kilo 21.5. Mengine yote yanatoka hapo: maji kilo 12.9, sukari gramu 860, mafuta gramu 860, chumvi gramu 430, hamira gramu 215. Ukiona madonge yanatoka 76 badala ya 80, kabla ya kulaumu kipimo pima madonge kumi. Mara nyingi mkono wa mkataji umepanda hadi gramu 470.

Usikande kilo 36 zote kwa pamoja. Mkupuo mmoja ukiokwa kwa dakika 35, na kutoa na kupakia kukichukua dakika 10, kila mkupuo unaishika oveni kwa dakika 45. Ukikanda mara moja, mkupuo wa nne utasubiri saa mbili na robo baada ya wa kwanza kuingia, na hamira haisubiri. Donge lililopitiliza kuumuka utalijua kwa kidole: ukilibonyeza, shimo linabaki palepale au sehemu hiyo inanywea. Ukilioka, mkate unabonyea katikati, ganda linapauka, na ladha ina ukali. Kanda mara mbili, mikate 40 kila mara, kwa nafasi ya dakika 90. Kwa kila kundi, nusu ya pili ichelewe kukatwa na kuwekwa kwenye tini kwa dakika 45, ikae sehemu ya baridi zaidi.

Sasa kuna faida nyingine iliyojificha kwenye ile orodha. Namba ndogo kuliko zote ni 38. Kwa hiyo mikate 38 ya kaunta ina uhakika mkubwa wa kuuzwa, na ile 10 inayobaki kufikia 48, yaani 80 ukitoa oda 32, ndiyo ya kubahatisha. Oka asubuhi 70 tu: 32 za oda na 38 za kaunta. Mkupuo wa nne utakuwa na nafasi 10, zipe bidhaa nyingine. Tini 10 zilizobaki ziingize kwenye friji ya nyuzijoto 4 hivi, zimefunikwa zisikauke. Ziingie zikiwa hazijafika hata nusu ya kuumuka, kwa kuwa katikati ya donge hupoa polepole na huendelea kuumuka kwa muda.

Saa nne asubuhi hesabu mauzo ya kaunta. Kama ni 19, siku inaelekea 38, usitoe kitu. Kama ni 22, inaelekea 44, toa tini 6. Kama ni 25, inaelekea 50, toa zote. Saa moja ya kuondoa baridi na kumalizia kuumuka, dakika 35 za kuoka, saa moja ya kupoa kabla ya kufungwa au kukatwa: inafika rafuni karibu saa saba, wakati siku ya mikate 50 inakaribia kumaliza zile 38. Ukichelewesha uamuzi hadi rafu iwe tupu, mikate itatoka wateja wameshaondoka. Tini ambazo hazikutolewa ziokwe mwanzoni kabisa asubuhi inayofuata, na idadi yake ipunguzwe kwenye unga wa siku hiyo. Zisivuke hapo, kwa sababu hamira inaendelea kufanya kazi hata kwenye baridi na donge linalegea.

Upande wa oda, weka saa ya mwisho ya kupokea, ambayo ni ile ya kupima unga, na mikate ya oda itengwe kabla kaunta haijafunguliwa. Anayechukua kwa mkopo na kurudisha isiyouzwa, andika alichouza, si alichopelekewa. Oda isiyochukuliwa kufikia saa mliyokubaliana ihamie kaunta, nayo ihesabiwe kabla ya kutoa tini frijini.

Orodha yenyewe isasishwe kila wiki: Jumamosi mpya inaingia, ya zamani kuliko zote inatoka. Siku za sikukuu na siku ambazo umeme ulikatika usiziweke humo, ziandike ukurasa wake. Na Jumamosi tatu mfululizo zikivuka 50, usisubiri nane zijae. Futa zile tatu za chini, kisha panga upya.