Bomba likipanuka ghafla, presha iliyokosekana imeenda wapi?

SWALI: Injinia, habari. Nina bomba la mm 50 linaingia ghafla kwenye la mm 100, maji yanakuja na mita 4 kwa sekunde. Kwa Bernoulli presha ilitakiwa ipande paskali 7500 lakini manomita inatoa kama 3000 tu. Bomba jipya, laini kabisa. Fundi mmoja anasema manomita mbovu, mwingine anasema mimi nizidishe tu kwa 0.4 niendelee na kazi. Nifuate yupi?

JIBU: Usimfuate hata mmoja, manomita yako iko sawa na hiyo 0.4 ndo balaa lenyewe, ntaifikia.

Kwanza hilo neno "laini" ulilolitaja, maana nalisikia kila siku na linanichosha. Watu wamekaririshwa kwamba nishati inapotea kwa sababu maji yanasuguana na ukuta wa bomba, kwa hiyo ukuta ukiwa laini na kipande kikiwa kifupi basi hakuna kinachopotea. Hapa ukuta hauhusiki karibu kabisa. Maji yakitoka kwenye bomba dogo hayajui kama bomba limepanuka, yanaenda moja kwa moja kama yanavyotoka kwenye mpira wa kumwagilia, halafu pembeni, pale kwenye bega, yaani ule ukuta wa duara bomba dogo linapoungana na kubwa, kuna maji yamebaki nyuma yanazunguka zunguka. Yale ya kasi yanagongana na haya ya polepole, yanavurugana, mpaka mbele huko yanatulia na kujaza bomba lote. Kwenye huo mvurugano ndo nishati inakoishia, inageuka joto. Na usihangaike kulitafuta na kipimajoto, ni kama sehemu moja ya elfu ya digrii.

Sasa kama hujui mvurugano umekula kiasi gani, huwezi kuanza na mlinganyo wa nishati, una visivyojulikana viwili: presha ya mbele na upotevu. Anza na momenta. Momenta haijali maji yanavurugana vipi huko ndani, maana kila tone linalosukuma jingine linasukumwa nalo kwa kani ileile, zinafutana zote. Kinachobaki ni kani za nje tu. Nyuma kuna presha p1 kwenye mdomo wa bomba dogo, mbele kuna presha p2 kwenye eneo lote kubwa, na kuna bega. Bega ndo watu wengi wanalisahau halafu hesabu inawatolea vitu vya ajabu. Bega nalo linasukuma maji kwenda mbele, na presha yake ni karibu sawa na p1, kwa sababu maji yanatoka yamenyooka bila kupinda na yale ya pembeni yana mwendo mdogo. Huamini, toboa tundu pale kwenye bega uunge mpira wa manomita, utaona.

Kwa hiyo p1 na p2 zote zinafanya kazi kwenye eneo kubwa, A2. Ukiita mwendo wa bomba dogo v1, wa kubwa v2, densiti ya maji ρ na ujazo unaopita kwa sekunde Q:

```
(p2 - p1) A2 = ρ Q (v1 - v2)
p2 - p1 = ρ v2 (v1 - v2)
```

Kwako maji ni kilo 7.85 kwa sekunde, mwendo unashuka kutoka 4 hadi 1, hiyo ni kani ya nyutoni 23.6. Gawa kwa eneo la bomba kubwa, mita za mraba 0.00785, unapata paskali 3000. Ndo ileile uliyoisoma. Sasa rudi kwenye nishati: 7500 ulizotegemea toa 3000, zilizopotea ni 4500, na hiyo ni sawasawa na ½ρ(v1 - v2)², fomula ya Borda na Carnot. Haikuokotwa mtaani, imetoka kwenye momenta.

Haya, 0.4 ya fundi. Inakubali kwako kwa sababu eneo lako limeongezeka mara 4 tu, basi. Uwiano halisi ni 2/(1 + A2/A1). Eneo likiongezeka mara 2 inakuwa 0.67, ukitoka mm 50 kwenda mm 150 inakuwa 0.2, na bomba likiingia kwenye tanki ni karibu sifuri, nishati yote ya mwendo imepotea. Mtu anayetembea na namba moja mfukoni anaitumia kila saiti siku moja atachagua pampu ndogo, maji hayafiki juu, halafu lawama zinaenda kwa pampu. Ni walewale wanaokuambia weka bomba kubwa presha ipande, eti kubwa zaidi ndo bora zaidi. Kwa mwendo uleule wa v1, presha inapanda zaidi eneo likiwa mara 2, ukizidisha hapo inaanza kushuka tena.

Ukitaka kuziokoa hizo 4500, weka koni yenye pembe ya jumla kama digrii 7, kwa saizi zako itakuwa na urefu wa sentimita 40 hivi. Haitarudisha zote ila nyingi zitarudi. Na tundu la manomita ya mbele liache kama sentimita 80 hadi mita moja kutoka kwenye bega, ukilitoboa karibu unapima kwenye mvurugano, presha bado haijapanda.