Taa ya Betri, ya Oili na ya Joto: Lini Uende Polepole, Lini Uzime, Lini Uite Gari la Kuvuta

Taa ikiwaka kwenye dashibodi, dereva mgeni husikiliza injini kwanza. Akiona inaunguruma kama kawaida, anajipa moyo na kusonga mbele. Hapo ndipo injini nyingi zinapoharibika, kwa sababu injini iliyokosa oili au maji huendelea kuvuta vizuri kwa dakika chache huku ikijila ndani. Kitu cha kujiuliza ni hiki: injini ikiendelea kuzunguka dakika moja zaidi, kuna chuma kinachoumia? Kama kipo, zima. Kama hakipo, una muda, na kazi yako ni kujua una muda kiasi gani.

Tuchukue gari ambalo wengi wenu mtaanzia nalo, Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Injini hiyohiyo imo kwenye baadhi ya Vitz na kwenye Probox nyingi. Ukifungua switi kabla ya kupiga stata, taa ya oili na ya betri huwaka zote mbili, na injini ikiwaka zinapaswa kuzimika ndani ya sekunde chache. Zoea kuziangalia kila asubuhi. Taa ya oili isiyowaka kabisa wakati huo imekufa, na siku ya hatari haitakwambia kitu.

Taa ya oili ndiyo isiyo na mjadala. Ni ile yenye picha ya birika dogo linalodondosha tone, rangi nyekundu. Haipimi wingi wa oili, inapima msukumo wake. Shafti na beringi za injini hazigusani gari linapokwenda. Zinaelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu. Msukumo ukipotea, chuma kinasuguana na chuma, na injini inaweza kunoki kabla hujafika kituo cha mafuta unachokiona mbele. Kwa hiyo toa mguu kwenye mafuta, weka gia huru, ingia pembeni kwa kasi uliyonayo, zima. Kwa taa hii hakuna kwenda polepole. Mwendo mdogo hausaidii, maana injini ikizunguka taratibu msukumo wa pampu nao unapungua.

Ukishazima, subiri kama dakika 5 gari likiwa mahali tambarare ili oili ishuke chini, kisha chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini au haionekani kabisa, chungulia uvunguni. Magari mengi yanayopata tatizo hili yametoka kumwagwa oili siku chache nyuma: nati ya sampu haikukazwa, au filta mpya ilifungwa juu ya mpira wa filta ya zamani ulioganda pale. Kama oili inamwagika, kuongeza nyingine ni kuimwaga barabarani. Ita gari la kuvuta. Kama haivuji, ongeza kidogo kidogo hadi katikati ya alama mbili. Injini hii hubeba lita 3.7 pamoja na filta, hivyo lita moja tayari ni sehemu kubwa. Washa, hesabu hadi tano. Taa ikizimika na hakuna mlio wa kugonga, nenda taratibu hadi kwa fundi wa karibu. Ikibaki inawaka, zima papo hapo.

Wengi hukosea pale kijiti kinapoonyesha oili imejaa na taa bado inawaka. Utasikia mtu pembeni akisema, "Hiyo ni sensa tu, twende." Ni kweli sensa hufa, lakini barabarani huna namna ya kuitofautisha na pampu iliyochoka au chujio la ndani ya sampu lililoziba matope. Fundi huitoa sensa na kufunga geji ya msukumo mahali pake, ndipo anajua. Wewe huna geji hiyo, kwa hiyo usiwashe. Na taa inayomemeteka gari likiwa limesimama na injini ikizunguka taratibu, kisha ikazimika ukikanyaga mafuta, ni ugonjwa uleule ukiwa mchanga. Simama upime oili siku hiyohiyo.

Taa ya betri inahitaji kufikiri zaidi, ndiyo maana tunaipa nafasi kubwa. Jina lake linapotosha. Haisemi betri imekufa. Inasema alteneta haichaji. Injini ya petroli inaweza kuendelea kwa umeme uliobaki kwenye betri bila kuumia hata kidogo, mradi maji yake yanazunguka. Na hapo kuna mtego. Kwenye 1NZ, mkanda mmoja wa nje unazungusha alteneta, kompresa ya eisii na pampu ya maji pia. Mkanda ukikatika, taa ya betri inawaka kwanza, kisha baada ya dakika chache gari linachemsha. Dereva aliyeambiwa "taa ya betri haina shida" anaendesha kilomita nne na kupindisha silinda hedi.

Tuseme unatoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Saa kumi na nusu jioni, kilomita 15 kabla ya Chalinze, taa ya betri inawaka. Tafuta mahali pana pembeni, simama, weka pembetatu nyuma ya gari, fungua boneti bila kuzima injini. Usiingize mkono wala usiache kitambaa au tai ikining'inia. Angalia tu upande wa mikanda. Mkanda haupo, au umechanika na unapigapiga? Zima, safari ya gari hilo imeisha mpaka upatikane mkanda mwingine. Zipo injini ambazo pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa ndani wa taimingi, na hizo zingeweza kuendelea. Kama hujui yako ni ya aina gani, ichukulie kama 1NZ.

Mkanda upo na unazunguka barabara? Basi una muda, tuupime. Betri ya gari dogo ni kama saa-ampea 40. Injini yenyewe, yaani pampu ya mafuta, nozeli, koili na kompyuta, inaweza kula ampea 15 hadi 20. Kwa hesabu ya karatasi hizo ni saa mbili, lakini betri mitaani si mpya, na injini huanza kumisi volti zikishuka kabla betri haijaisha. Hesabu nusu yake, yaani saa moja mchana. Taa kubwa zinaongeza takriban ampea 10, na feni ya eisii inaweza kula kama hizo au zaidi, kwa hiyo usiku ni nusu saa tu.

Sasa uamuzi ni mwepesi. Zima eisii, redio, chaja ya simu, kila kisichohitajika, na usizime injini, maana kupiga stata kunakula umeme mwingi kwa mkupuo na huenda isiwake tena. Chalinze ni robo saa au dakika 20 mbele, mchana. Unafika. Lakini kutoka Chalinze hadi Morogoro ni kama kilomita 85, na kwa malori yaliyoko njiani na vijiji vya mwendo wa 50 utatumia saa moja na nusu, ukimalizia giza likiingia na taa zimewashwa. Betri haitafika. Kwa hiyo unaishia Chalinze utafute fundi wa umeme, hata kama gari linavuta vizuri kabisa. Atakachokipima ni rahisi: injini ikiwa inawaka, betri inapaswa kusoma volti 13.8 hadi 14.5. Ikisoma 12 na kushuka, alteneta haichaji. Njiani, usukani ukianza kuwa mzito au taa nyingine za dashibodi zikianza kuwaka moja baada ya nyingine, muda umekwisha. Ingia pembeni ungali na mwendo.

Taa ya joto iko katikati ya hizo mbili. IST na Vitz nyingi hazina geji ya mshale, zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka. Maana yake hupati onyo la mapema; nyekundu ikiwaka umeshachelewa, simama uzime. Gari lenye mshale linakupa nafasi: ukiuona unapanda juu ya kawaida lakini haujagusa wekundu, zima eisii, fungua hita hadi mwisho wa joto na feni yake kwa nguvu. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Mshale ukishuka, endelea taratibu hadi mahali pa kusimama. Usiposhuka ndani ya dakika moja au mbili, zima. Na mshale ukiporomoka ghafla hadi baridi huku hita ikipuliza upepo usio na joto, usifurahi: huenda maji yameisha na sensa inapima hewa.

Kifuniko cha rejeta usikiguse kwa angalau nusu saa, na hata hapo jaribu kwanza kama bomba la juu linashikika kwa mkono. Maji yale yako chini ya mgandamizo, yana joto kupita la kuchemka kwa kawaida, na yakifunguliwa hulipuka kuwa mvuke usoni. Injini ikipoa, ongeza maji taratibu. Maji baridi juu ya hedi ya moto yanaweza kuipasua. Ukijaza na yakatoka chini kama bomba, au injini ikatoa moshi mweupe mzito kwenye ekzosi, ita gari la kuvuta.

Taa ya injini ya rangi ya chungwa ikitulia inakuruhusu kwenda hadi kwa fundi bila kukanyaga sana. Ikimemeteka, injini inamisi na petroli mbichi inaungua ndani ya ekzosi. Punguza mwendo, simama karibu, na usiegeshe juu ya nyasi kavu. Taa nyekundu ya breki, ukishahakikisha hendibreki imeshuka, ni ya kusimama. Pedali ikiwa laini, usiliondoe gari.

Mwite mvutaji kwa kumwambia mambo mawili: gari ni otomatiki au la, na linavutwa na magurudumu gani. IST ya kawaida inavutwa na ya mbele, kwa hiyo ya mbele ndiyo yanyanyuliwe. Giaboksi ya otomatiki hupata oili yake injini inapozunguka tu. Ukiiburuza kwa kamba kilomita 30 magurudumu yakiwa chini, unamaliza giaboksi ili kuokoa injini. IST inayovutwa na magurudumu yote manne ipandishwe yote juu ya lori. Na ukilazimika kuvutwa kwa kamba kutoka barabarani hadi mahali salama, mita chache tu, acha switi ikiwa wazi ili usukani usijifunge, na ujue pedali ya breki itakuwa ngumu, ukanyage kwa nguvu zote.